Transfoma ya Kundi la Wateja Inapozidiwa: Kutafuta Chanzo kwa Kuangalia Saa ya Tatizo

Fyuzi ya transfoma inapokatika mara kwa mara, hukumu inayotolewa haraka ni kwamba transfoma ni ndogo na inapaswa kubadilishwa. Wakati mwingine hukumu hiyo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, transfoma ilipangwa kwa hesabu iliyokuwa sawa siku ya kwanza, na kilichobadilika ni tabia ya wateja, jinsi walivyogawanywa kwenye fezi, au saa wanazotumia umeme. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine na kuonyesha namna ya kutambua ni kipengele kipi cha hesabu ya awali ambacho hakilingani tena na hali halisi. Dalili ya kwanza ya kuandikwa daftarini, kabla ya kifaa chochote kutolewa kwenye gari, ni saa ambayo tatizo hutokea.

Hesabu iliyozaa ukubwa wa transfoma

Ukubwa wa transfoma hutokana na uwiano wa aina mbili, na uwiano wa tatu huamua kama ukubwa huo utavumilika mwaka hadi mwaka.

Uwiano wa mahitaji, ambao mafundi huuita dimandi fakta, humhusu mteja mmoja. Ni mzigo wa juu kabisa ambao mteja huyo huwahi kuuvuta, ukigawanywa kwa jumla ya vifaa vyote alivyoviunganisha. Nyumba yenye pasi, friji, televisheni, taa na birika vyenye jumla ya kilowati 2.5, lakini ambayo haivuti zaidi ya kilowati 1 kwa wakati wowote, ina uwiano wa mahitaji wa 0.4.

Uwiano wa mtawanyiko, yaani daivasiti fakta, hulihusu kundi. Ni jumla ya vilele vya wateja wote, kila kimoja kikihesabiwa peke yake, ikigawanywa kwa kilele cha kundi zima kwa pamoja. Kwa kuwa wateja hawafikii vilele vyao dakika ileile, uwiano huu hauwi chini ya 1, na kadiri saa zao zinavyotofautiana ndivyo unavyopanda.

Uwiano wa mzigo, yaani lodi fakta, huhusu muda. Ni wastani wa mzigo ukigawanywa kwa kilele chake katika kipindi kilekile. Uwiano huu hauingii katika kukadiria kilele kutokana na vifaa vilivyounganishwa, lakini ndio unaoeleza transfoma hupata mapumziko kiasi gani kati ya kilele kimoja na kingine.

Hesabu ya ukubwa basi ni hii:

```
S = (P1*m1 + P2*m2 + ... + Pn*mn) / (T * pf)
```

Hapa S ni ukubwa kwa kVA, P ni vifaa vilivyounganishwa kwa kila mteja kwa kilowati, m ni uwiano wake wa mahitaji, T ni uwiano wa mtawanyiko wa kundi, na pf ni pawa fakta wakati wa kilele, yaani kilowati zikigawanywa kwa kVA.

Tuchukue kituo cha biashara cha mfano, chenye transfoma ya kVA 100 inayoshusha msongo wa kilovolti 11 hadi volti 400. Kina nyumba 80 zenye kilele cha kilowati 1 kila moja, maduka 20 yenye kilele kama hicho, mashine mbili za kusaga nafaka zinazovuta kilowati 14 kila moja, na karakana tatu za kuchomelea zenye kilele cha kilowati 5 kila moja. Ukijumlisha vilele vyote unapata kilowati 143, kiasi ambacho transfoma hii haiwezi kukibeba. Sasa angalia saa. Saa kumi jioni mashine zote mbili zinasaga na kuvuta kilowati 28, karakana kwa pamoja zinavuta 10, maduka 10 na nyumba 8, jumla kilowati 56. Saa mbili usiku mashine na karakana zimefungwa, nyumba zinavuta 32 na maduka 16, jumla kilowati 48. Kilele cha kundi ni 56, kwa hiyo uwiano wa mtawanyiko ni 143 kwa 56, yaani karibu 2.55. Kwa kuwa mota za mchana hushusha pawa fakta hadi kama 0.8, kilowati 56 zinakuwa kVA 70, na transfoma ya kVA 100 inabaki na nafasi ya ukuaji. Hesabu hii ni nzuri, na kasoro zinazofuata zinamkuta mtu aliyeifanya kwa uangalifu.

Dalili ya kwanza: fyuzi ya fezi moja hukatika kati ya saa moja na saa tatu usiku

Hii ndiyo dalili inayostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu vyanzo vyake viwili hufanana kwa nje na tiba zake hazifanani kabisa.

Nenda kwenye transfoma saa ileile ya tatizo, si asubuhi yake. Kwa amita ya kubana, pima mkondo wa kila fezi na wa nyutro, na upime pia volti kwenye vituo vya upande wa msongo mdogo. Transfoma ya kVA 100 kwa volti 400 inaruhusiwa ampea 144 kwa kila fezi. Tuseme katika kituo chetu umepata ampea 168 kwenye fezi nyekundu, 74 kwenye njano, 62 kwenye buluu, na karibu 100 kwenye nyutro. Jumla ya fezi tatu ni ampea 304, ambazo kwa volti 230 ni kama kVA 70. Transfoma imebeba asilimia 70 tu ya uwezo wake, lakini fezi moja imevuka kiwango chake kwa asilimia 17. Kumletea kituo hiki transfoma ya kVA 200 kutaondoa fyuzi kukatika, ila kutaacha nyutro ikibeba ampea 100 na nyumba za fezi nyekundu zikiendelea kupata umeme hafifu, kwa maana tatizo la waya halikuguswa.

Chanzo cha hali hii ni kwamba kila mteja mpya wa fezi moja huunganishwa kwenye waya ulio rahisi kuufikia kutoka juu ya nguzo, na miaka inavyopita waya huo hujikuta umebeba nusu ya kijiji. Tiba ni kuhamisha baadhi ya wateja kwenda fezi nyingine mpaka kila moja ibaki karibu na ampea 101. Uhamisho huo ufanywe kwa kuangalia mzigo wa saa ya kilele na kwa kuanzia mbali na transfoma, ili nyutro ipate nafuu katika urefu wote wa njia. Anayegawa wateja kwa kuhesabu vichwa, 27 huku na 27 kule, hugundua usiku unaofuata kwamba nyumba 27 za walimu hazilingani na vyumba 27 vya kupanga.

Ukishasawazisha, rudi kwenye ile kVA 70 na uulize imetoka wapi, maana hesabu ya awali iliahidi kilowati 48 usiku, sawa na kama kVA 51. Kwa pawa fakta ya 0.95, kVA 70 ni kilowati 66. Kilowati 18 zimeongezeka bila nyumba kuongezeka hata moja. Jibu hupatikana kwa kubisha hodi: nyumba 36 kati ya 80 zimenunua majiko ya umeme ya presha ya kilowati 1. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na jiko la umeme ni mojawapo ya njia hizo, kwa hiyo mabadiliko ya namna hii yatarajiwe chini ya transfoma nyingi.

Jiko hubadilisha uwiano mbili kwa mpigo. Kwanza linapandisha mahitaji ya kila nyumba. Pili, na hili ndilo linalosahaulika, linashusha mtawanyiko, kwa sababu pasi hupigwa saa yoyote ilhali chakula cha jioni hupikwa saa moja mtaa mzima. Mpangaji anayeongeza kilowati 1 kwa kila nyumba na kuacha uwiano wa zamani wa 2.5 anadhania kwamba asilimia 40 tu ya majiko yatawaka kwa pamoja. Katika kituo chetu iliwaka nusu ya majiko yote. Nyumba zote 80 zikinunua majiko na tabia ikabaki hivyo, usiku utakuwa na kilowati 32 za matumizi ya zamani, 16 za maduka na 40 za majiko, jumla 88, au karibu kVA 93. Hapo transfoma ya kVA 100 imefika ukingoni hata ikiwa imesawazishwa barabara, na ombi la kubadilishwa lina msingi.

Usiache kuuliza pia kuhusu mashine. Mwenye mashine mmoja akiamua kusaga usiku kwa sababu ya foleni ya msimu wa mavuno, anaondoa ule utengano wa mchana na usiku uliofanya hesabu nzima isimame. Kilowati zake 14, pamoja na pawa fakta mbaya ya mota yake, zinaisukuma kVA 70 ya sasa hadi kama 86. Kumwomba arudi mchana ni tiba isiyohitaji kifaa chochote, na ni vyema ijaribiwe kabla ya nyingine.

Dalili ya pili: fyuzi hushika siku nzima, lakini hukatika umeme unaporudi

Hapa uwiano wa mtawanyiko umepotea kwa muda mfupi. Friji 50 zilizokuwa zikiwaka na kuzima kwa zamu, zikikosa umeme kwa saa tano, zote hupata joto, na umeme unaporudi zote huanza kuvuta kwa pamoja. Hivyo hivyo pampu zenye matangi matupu, na kila pasi na jiko lililoachwa likiwa limewashwa. Mzigo wa nyumba huweza kufika maradufu ya kilele cha kawaida, au zaidi, kisha ukashuka taratibu kadiri friji zinavyopoa na kurudi kwenye zamu zao.

Kwanza thibitisha kwamba kosa si la transfoma yenyewe. Fungua njia zote za msongo mdogo, yaani zitenganishe na transfoma, kisha rudisha umeme upande wa kilovolti 11. Fyuzi ya upande huo ikikatika hapo hapo bila mzigo wowote, achana na hesabu za wateja na uite wapimaji wa transfoma, kwa kuwa kuna uwezekano wa hitilafu ndani. Ikishika, funga njia moja, yaani iunganishe tena, subiri mzigo wake ushuke kwenye amita, ndipo ufunge inayofuata. Transfoma inayovumilia utaratibu huu na kushindwa inapobebeshwa yote kwa mkupuo haina upungufu wa kudumu. Kinachohitajika ni utaratibu wa kurudisha umeme njia kwa njia, hasa baada ya katizo refu linaloishia jioni.

Jambo la hatari ambalo dalili hii huzaa ni fundi aliyechoka kurudi usiku kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya wa shaba. Kuanzia siku hiyo dalili hutoweka na transfoma hubaki bila kinga dhidi ya mzigo uliozidi na njia iliyogusana. Ukikuta transfoma ambayo haijawahi kukata fyuzi huku ampea zake zikizidi kiwango, kagua kilichowekwa ndani ya fyuzi kabla ya kuisifu.

Dalili ya tatu: ampea haziwahi kuzidi, lakini transfoma ni ya moto mchana na usiku

Fundi hupima saa ya kilele na kupata kVA 95 kwenye transfoma ya kVA 100, fezi zikiwa sawa. Kwa mujibu wa bamba lake hakuna kosa. Hata hivyo mafuta yana joto kali hata alfajiri, na pengine yamebadilika rangi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hapa swali limehama kutoka kilele kwenda kwenye uwiano wa mzigo.

Soma mita iliyoko kwenye transfoma, au kama haipo, jumlisha uniti zilizotumika na wateja wake wote kwa mwezi, ukikumbuka kwamba jumla hiyo haina upotevu wa njiani. Gawanya kwa saa za mwezi, kisha gawanya kwa kilele ulichopima. Kwa kituo chetu, uniti 20,880 kwa siku 30, yaani saa 720, ni wastani wa kilowati 29; ukigawanya kwa kilele cha kilowati 66 unapata uwiano wa 0.44, ambao ni wa kawaida kwa mtaa wa makazi. Ukipata 0.8 au zaidi, tafuta mteja anayefanya kazi usiku kucha: chumba cha baridi cha samaki, kiwanda cha barafu, au pampu ya maji ya mji.

Tofauti si ndogo. Joto la nyaya za transfoma hufuata mraba wa mkondo, na kwa makadirio yanayotumiwa sana, upotevu wa wastani ukilinganishwa na ule wa kilele hupatikana hivi:

```
U = 0.3*L + 0.7*L^2
```

L ni uwiano wa mzigo. Transfoma mbili zenye kilele kilekile cha kVA 95, moja yenye uwiano wa 0.35 na nyingine wa 0.85, zitapata U ya karibu 0.19 na 0.76. Nyaya za ya pili zinazalisha kwa wastani joto mara nne ya za ya kwanza, ingawa amita ya saa mbili usiku inaonyesha namba ileile kwa zote. Mafuta ya transfoma ndogo za usambazaji huchukua muda kupata joto. Muda unaotumiwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-7 kuelezea upandaji huo ni kama dakika 180, kwa hiyo kilele cha muda wa saa mbili hufikisha karibu nusu tu ya upandaji wa joto ambao kingeleta kama kingedumu. Yenye uwiano mdogo hupata usiku wa manane wa kupoa. Yenye uwiano mkubwa haipati.

Mahali nako kuna uzito. Kiwango hicho hukadiria umri wa karatasi ya kawaida ya kukinga nyaya kwa joto la nyuzi 98 kwenye sehemu yenye moto zaidi, hewa ikiwa na nyuzi 20, na kila nyuzi 6 zinazozidi huongeza mara mbili kasi ya kuchakaa. Wastani wa hewa ya Dar es Salaam kwa mwaka ni karibu nyuzi 26. Transfoma inayobeba mzigo kamili bila kupumzika pwani inatarajiwa kuchakaa kama mara mbili ya kasi iliyokadiriwa, bila mtu yeyote kuvunja kanuni. Kwa sababu hiyo ningependa mteja wa saa 24 aliyeko pwani apangiwe nafasi pana kuliko mtaa wa nyumba wenye kilele kile kile, au apewe transfoma yake mwenyewe.

Dalili ya nne: umeme ni hafifu mwisho wa njia, transfoma ikiwa ya baridi

Hii hupelekwa kwenye faili la transfoma kimakosa. Watu wawili wapime volti kwa wakati mmoja, mmoja kwenye transfoma na mwingine kwenye nyumba ya mwisho. Kama kwenye transfoma kuna 232 na mwisho kuna 185, tofauti imeliwa na waya. Transfoma kubwa zaidi haitarudisha volti hizo. Kinachosaidia ni kusawazisha fezi, kuongeza unene wa waya, au kupeleka transfoma nyingine karibu na wateja wa mwisho.

Kabla ya kuandika ukubwa mpya

Ikibainika kwamba transfoma imezidiwa kweli, hesabu irudiwe kwa saa mbili angalau, ya mchana na ya usiku, na kubwa kati ya kVA hizo mbili ndiyo itumike. Kuruka moja kwa moja hadi kVA 200 au 315 kwa ajili ya usalama kuna gharama yake, kwani upotevu wa chuma, yaani umeme unaopotea katika kiini cha transfoma, huendelea saa zote 24 hata wateja wakiwa wamelala, na huongezeka pamoja na ukubwa.

Kosa lililobaki ni kuazima uwiano wa mtawanyiko wa kundi kubwa na kuuweka kwenye kundi dogo. Kanuni ya Ufaransa ya NF C 14-100, inayohusu majengo ya makazi, huonyesha jambo hili vizuri: kwa nyumba 50 na kuendelea kilele cha pamoja huchukuliwa kuwa karibu asilimia 40 ya jumla ya vilele, kwa nyumba 20 hadi 24 ni asilimia 49, na kwa nyumba 5 hadi 9 ni asilimia 78. Namba hizo ni za huko na zisinakiliwe kwa upofu, lakini mwelekeo wake ni uleule kila mahali. Kwa hiyo kugawa kituo chetu katika transfoma mbili za nyumba 40 kunabadilisha hesabu kidogo sana. Kumtenga mtaa wa nyumba 8 zenye kilele cha kilowati 1 kila moja kwenye transfoma yake ni habari nyingine: uwiano wa 2.5 ungetabiri kilowati 3.2, ilhali kwa asilimia 78 tarajia zaidi ya 6, na zote nane zikipika kwa pamoja, 8.